Mtoto hakui tumboni au amepunguza kucheza: tafuta kwanza ni wapi oksijeni na chakula vinakwama

Kuna malalamiko mawili tunayapata sana kliniki za mama huku Kisumu na Nyando. La kwanza ni mama amepimwa tumbo kwa tepu, nesi akaangalia kitabu, akapima tena, halafu akaandika rufaa ya skani bila kusema mengi. La pili ni mama mwenyewe kusema, "Sista, huyu mtoto siku hizi amelala tu." Mara nyingi hayo yote yanaanzia kitu kimoja, mtoto hapati oksijeni na chakula cha kumtosha, ila shida inaweza kuwa imekaa sehemu nne tofauti na kila sehemu ina dawa yake, ndio maana kumwambia mama "kula vizuri upumzike" bila kutafuta ni wapi pamekwama ni kupoteza wiki ambazo mtoto hana.

Sehemu zenyewe ni hizi: damu ya mama imebeba nini, mishipa inayoleta hiyo damu kwenye kondo la nyuma iko wazi kiasi gani, kondo lenyewe linapitisha vizuri au limeharibika, na mwisho kamba ya kitovu. Nitazipitia zote, ila baada ya damu ya mama nitaruka kwanza hadi kondo na kukaa hapo zaidi, kwa sababu huku kwetu ndiko shida hujificha sana.

Kwanza njia yenyewe inavyofanya kazi

Watu wengi wanadhani damu ya mama inaingia kwa mtoto. Haiingii. Damu ya mama inatoka kwa mishipa midogo ya mji wa mimba na kumwagika kwenye nafasi iliyo ndani ya kondo, na kwenye hiyo nafasi kumening'inia vijitawi vingi sana vyenye mishipa ya mtoto ndani. Damu ya mama inaosha vijitawi kwa nje, ya mtoto inapita kwa ndani, na katikati kuna ukuta mwembamba mno. Ni kama pale Dunga, mashua inafika ufukweni, samaki anapokelewa na akina mama wanaomwingiza mjini, lakini mashua yenyewe haiingii mjini.

Mimba ikikaribia kujifungua, mama anapeleka karibu nusu lita ya damu au zaidi hapo kila dakika. Oksijeni inapita ukutani yenyewe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo, na mtoto anasaidiwa na himoglobini yake ambayo si kama yetu, inang'ang'ania oksijeni kuliko ya mama, na pia anayo nyingi, kwa hivyo hata akipata damu ambayo kwa mtu mzima tungesema oksijeni iko chini sana yeye anaendelea vizuri tu. Sukari nayo inavushwa na vibebeo bila kutumia nguvu, mradi damu ya mama iwe na sukari nyingi kuliko ya mtoto. Lakini amino asidi, zile protini zikishavunjwa, ambazo ndizo zinajenga nyama ya mtoto, hizo zinasukumwa kwa pampu, na pampu inataka nishati. Kumbuka hii ya pampu, nitairudia.

Halafu kondo lenyewe linakula. Sehemu kubwa ya oksijeni inayofika hapo inatumiwa na kondo kabla mtoto hajaona kitu, kwa hivyo hata upungufu unaoonekana mdogo unaweza kumgonga yeye.

Kutoka hapo ni kitovu, kamba ya sentimita 50 hadi 60 hivi ikikomaa, ndani ina mishipa mitatu. Mmoja mkubwa unampelekea mtoto damu yenye oksijeni na chakula, miwili inarudisha damu iliyotumika pamoja na kabonidioksidi na uchafu mwingine ili mama autoe. Mishipa hiyo imezungukwa na uteute mzito unaoteleza, ambao kazi yake ni kuzuia mishipa isibanwe kirahisi.

Dalili: mama anachoka, anahema akipanda ngazi, viganja vimepauka, mtoto anaongezeka polepole

Hapa anza na damu ya mama. Gramu moja ya himoglobini ikijaa inabeba kama mililita 1.34 za oksijeni. Mama mwenye himoglobini 11, kila desilita ya damu yake inabeba karibu mililita 14.5. Akishuka hadi 7 inabeba mililita 9 na kitu. Mishipa ni ile ile, mapafu ni yale yale, lakini mzigo umepungua zaidi ya theluthi. Mwili utajaribu kufidia, moyo utapiga haraka damu ipite mara nyingi zaidi, ndio maana anasikia moyo unadunda, lakini kufidia kuna mwisho. Chini ya 11 tunasema damu imepungua, chini ya 7 ni hatari, na huyo hatoki na vidonge tu aende nyumbani.

Sababu za huku zinajulikana: malaria, minyoo aina ya safura, mimba zilizofuatana bila nafasi, na madini ya chuma kutotosha kwenye chakula. Na kuna mambo mawili madogo ambayo watu wanayapuuza. Moja ni chai. Unameza kidonge cha chuma asubuhi na chai ya maziwa, chai inazuia chuma kisiingie mwilini, halafu unashangaa mbona miezi miwili himoglobini imekaa pale pale. Meza na maji au juisi ya ndimu, chai ingoje saa moja au mbili. Lingine ni odowa, ule udongo wa kula. Najua ukiwa mjamzito ile harufu ya udongo ukinyeshewa inaita, na pale sokoni vipande vimepangwa vizuri, lakini mama anayekula odowa kila siku mara nyingi tayari damu yake iko chini, na ule udongo unaweza kushika chuma tumboni kisifyonzwe. Ukiona hamu ya odowa imezidi, omba kupimwa damu.

Kuna na kitu kingine hakionekani kwa kipimo cha kawaida cha himoglobini, nacho ni moshi wa jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Kaboni monoksidi inakaa kwenye himoglobini mahali pa oksijeni, inavuka kondo, na himoglobini ya mtoto inaishika vibaya zaidi. Himoglobini inaweza kusoma 12 na bado mzigo haufiki. Mama akisema kichwa kinauma kila jioni akipika na kinapoa akitoka nje, toa jiko nje kabla ya kununua panadol.

Dalili: tumbo liko nyuma ya wiki, mama hana homa, hajisikii mgonjwa

Hii ndiyo nataka tukae nayo. Kati ya wiki 24 na 36 hivi, urefu wa tumbo kwa sentimita, kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba, unakaribiana na idadi ya wiki, tofauti ya mbili inakubalika. Zaidi ya hapo tunaanza kuuliza.

Tuchukue mfano. Dada wa miaka 20 na kitu, wa upande wa Ahero, mimba ya kwanza. Amefika wiki 31, tepu inasoma 27. Presha 118/74, mkojo hauna protini, hana homa, anakula. Himoglobini 8.9. Anasema mtoto anacheza, "labda si kama zamani lakini anacheza."

Swali la kwanza si ugonjwa, ni tarehe. Akiwa amehesabu vibaya wiki nne, hakuna shida yoyote hapo. Huyu alikuwa amepigwa skani ya mapema wiki ya 12, kwa hivyo wiki tunaziamini. Kama skani ya mapema haipo, usimwambie mtu mtoto wake ni mdogo kwa kipimo kimoja, mrudishe baada ya wiki mbili uone kama ameongezeka.

Swali la pili, mtoto mdogo ni mdogo namna gani? Skani ikarudi: kichwa kiko sawa na wiki 30, tumbo la mtoto liko chini sana, kama wiki 27, maji yamepungua kidogo. Hiyo tofauti ya kichwa na tumbo inasema mengi. Mtoto akikosa chakula na oksijeni kwa muda anaelekeza damu kwa ubongo, moyo na tezi za juu ya figo, vingine vinangoja. Ini linamaliza akiba yake ya sukari na kusinyaa, ndio tumbo linabaki dogo. Figo nazo zinapata damu kidogo, anakojoa kidogo, na kwa kuwa maji ya uzazi miezi hiyo ni mkojo wake kwa sehemu kubwa, maji yanapungua. Mtoto aliye mdogo tu kwa sababu wazazi ni wadogo huwa mdogo kote kwa kulingana, na maji yake hayana shida.

Kwa hivyo kitu kinazuia. Presha ni nzuri. Tukafungua kitabu cha kliniki nyuma: SP, zile tembe tatu za kukinga malaria ambazo mama anamezea mbele ya nesi, amepewa mara moja tu, wiki ya 20. Baada ya hapo hakuja kliniki hadi wiki ya 28, na siku hiyo SP haikutolewa. Na juu ya hayo anatumia foliki asidi ya miligramu 5 aliyonunua kemia, kwa sababu mtu alimwambia ndiyo nzuri.

Hapo ndipo akili inaenda kwa malaria ya kondo, hata bila homa. Na kwa mtu wa Ahero kutokuwa na homa hakumaanishi chochote. Mtu aliyekulia Nakuru, ambako malaria si ya kila siku, akija kuolewa huku akapata mimba na malaria, ataanguka vibaya, homa, kutapika, utamwona. Lakini huyu ameumwa malaria tangu utotoni, mwili wake umezoea kuwapiga wale vimelea bila kelele nyingi. Shida ni kwamba kondo ni kiungo kipya. Seli nyekundu zenye vimelea zikifika pale zinatokeza juu yake protini inayoitwa VAR2CSA, inayonata kwenye kondroitini salfeti A, kitu kilichojaa kwenye uso wa vijitawi. Kabla ya mimba hii mwili wake haujawahi kukutana na hiyo protini kwa namna hiyo, kinga hana. Ndio maana mimba ya kwanza inapigwa zaidi kuliko ya tatu au ya nne.

Basi vimelea vinajificha pale. Seli zilizonata zinarundikana kwenye ile nafasi ambayo damu ya mama inapaswa kupita huru, seli za kinga zinakuja kupigana nazo na kusababisha uvimbe, ukuta unanenepa, damu inapita kwa uvivu. Na zile pampu za amino asidi nilizosema? Uvimbe unazipunguzia kazi. Mtoto anaweza kuwa bado anapata oksijeni ya kumfanya acheze, lakini vitu vya kujengea nyama havifiki vya kutosha, ndio kukua kunasimama kabla ya mengine yote. Halafu malaria hiyo hiyo inavunja seli za damu za mama, kwa hivyo ile 8.9 si bahati mbaya. Sehemu mbili zimegongwa kwa mkupuo mmoja, mzigo umepungua na pa kupokelea pameharibika.

Sasa kipimo. Alitobolewa kidole, slaidi ya darubini ikasema hakuna vimelea. Watu wengi wangefunga kitabu hapo. Lakini kama vimelea vimenata kwenye kondo, damu ya kidoleni inaweza kuwa safi au kuwa na vichache mno visionekane. Kile kipimo cha haraka cha kaseti kinatafuta protini ya kimelea inayoelea kwenye damu, kwa hivyo wakati mwingine kinashika pale slaidi imeshindwa, ingawa nacho kinaweza kukosa. Kwa huyu kaseti ilionyesha mistari miwili. Akapewa dawa ya artemetha na lumefantrini, dozi sita kwa siku tatu, kila dozi na chakula chenye mafuta kidogo ili iingie mwilini vizuri.

Ile foliki asidi ya miligramu 5 ikasimamishwa. SP inaua kimelea kwa kumnyima foleti, vitamini ile ile unayopata kwa foliki asidi, sasa ukimmwagia mama foleti nyingi hivyo unampa kimelea njia ya kuponea. Kidonge cha kliniki chenye chuma miligramu 60 na foliki asidi miligramu 0.4 pamoja hakileti hiyo shida, na ndicho akaendelea nacho. Kuna akina mama daktari amewaandikia dozi kubwa ya foliki kwa sababu maalum, hao wasiache wenyewe, warudi kwake waulize. SP yenyewe inaanza wiki ya 13, inarudiwa kila ziara lakini zisipungue wiki nne kati ya moja na nyingine, hadi kujifungua. Mama mwenye virusi vya ukimwi anayetumia septrini hapewi SP, dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja na kuziunganisha kunaweza kumdhuru, septrini yenyewe tayari inamkinga. Na SP inatolewa kaunti za ziwa na za pwani, kwa hivyo kama umefanya kliniki zako Nakuru halafu ukahamia Kisumu ukiwa na miezi sita, sema, usidhani nesi atajua. Chandarua ni kila usiku, si msimu wa mvua tu.

Kitu cha mwisho kwa huyu dada kilikuwa dopla, skani inayoangalia damu inavyokwenda ndani ya kitovu. Ile mishipa miwili inayorudisha damu kutoka kwa mtoto kwenda kondoni inasukumwa na moyo wa mtoto mwenyewe. Kondo likiwa laini damu inaendelea kwenda mbele hata moyo ukiwa umepumzika kati ya pigo na pigo. Vijitawi vikiharibika vingi, upinzani unapanda, damu kati ya mapigo inapungua, baadaye inasimama, na ikifika mbaya kabisa inarudi nyuma. Ikisimama mama analazwa, mtoto anaangaliwa karibu kila siku na daktari anapanga lini atolewe. Ikirudi nyuma mara nyingi hakuna kungoja sana. Kwa huyu ilikuwa bado inaenda mbele, imepungua tu. Kwa hivyo akawa anarudi kila wiki mbili, na hakuna aliyemwambia anywe uji mwingi ili mtoto anenepe, maana chakula hakikuwa kinakosekana mdomoni, kilikuwa kinakwama mlangoni.

Himoglobini ilipanda hadi 10.4. Tumbo la mtoto likaanza kuongezeka tena ila halikufikia mstari wa wenzake. Alijifungua wiki ya 38, mtoto wa kilo 2.4, analia vizuri. Kondo lilikuwa dogo, na kipande kilipopelekwa maabara darubini ikaonyesha rangi ya kahawia iliyokolea kati ya vijitawi, ule uchafu ambao kimelea anaacha akishakula himoglobini. Kwa hiyo vimelea vilikuwa vimekaa pale muda mrefu.

Dalili: presha imefika 140/90 au zaidi, uso umevimba, kichwa hakiachi

Hapa pamekwama kabla damu haijafika kondoni. Mwanzoni mwa mimba seli za kondo zinaingia kwenye mishipa ya mji wa mimba na kuipanua, mshipa mwembamba wenye misuli unageuka kuwa mpana na mlegevu ili damu imwagike kwa wingi na kwa upole. Kazi hiyo huwa imekamilika karibu wiki ya 20. Kwa baadhi ya akina mama haikamiliki, mishipa inabaki myembamba, damu inakuja kidogo na kwa nguvu, kondo linateseka na kumwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoharibu mishipa yake kila mahali. Kwa hivyo presha unayoona mkononi miezi ya mwisho ilianza kupikwa zamani, si kwa sababu uligombana na mtu wiki jana.

Ukipata kichwa kikali, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kinachofuata ni kifafa cha mimba. Dawa za presha zinamlinda mama asipate kiharusi, lakini hazifungui ile mishipa ya kondo, ndio maana mtu anaweza kuwa na presha iliyotulia na bado mtoto hakui, na kumpima mtoto lazima kuendelee. Aliyewahi kupata presha hii katika mimba iliyopita aende kliniki mapema sana, kuna aspirini ya dozi ndogo inayosaidia ikianzishwa kabla ya wiki 16, na ukija miezi saba haina kazi tena.

Dalili: mtoto amepunguza kucheza

Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ya mahali linapokuja kwenye foleni. Mtoto anayekosa kwa polepole kwanza anaacha kukua, halafu maji yanapungua, halafu anaacha kutupa mikono na miguu ili abakishe oksijeni, na baada ya hapo ndipo moyo unabadilika. Kupunguza kucheza ni kujibana, na anayejibana amebakiza kidogo.

Hakuna idadi moja ya mateke inayofaa kila mtoto. Kuanzia wiki ya 28 hivi mtoto wako ana mtindo wake, kuna wa usiku, kuna wa ukimaliza kula, na kinachotakiwa ni wewe uujue huo wake. Ukishuku, lala kwa ubavu bila simu bila tivii, kwa saa mbili, umsikilize yeye tu. Usipopata mara kumi, au ukipata lakini moyo wako unakataa kwamba huyu si yeye, nenda usiku huo. Usinywe soda baridi kumwamsha halafu ulale ukiridhika na teke moja. Na zile mashine ndogo za kusikiliza moyo nyumbani mimi sizipendi kabisa, moyo unaweza kusikika vizuri tu wakati mtoto yuko kwenye dakika zake mbaya, na pengine unachosikia ni mshipa wako mwenyewe.

Wakati mwingine sababu ni nyepesi. Kulala chali miezi ya mwisho, mji wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwa moyo wa mama, damu inayofika kondoni inapungua, na mtoto anatulia. Geuka ubavu, wowote ule, atarudi. Ukiamka umejikuta chali usipate hofu, geuka tu ulale.

Lakini mtoto akitulia ghafla pamoja na tumbo kuwa gumu kama ubao lisilolegea, maumivu yasiyoacha, na damu, kondo huenda limebanduka kabla ya wakati. Damu inaweza kuwa nyingi ndani na nje ukaona kidogo tu au usione kabisa, kwa hivyo usipime hatari kwa pedi. Damu inayotoka bila maumivu yoyote nayo huenda ni kondo lililokaa mlangoni, huyo asipimwe kwa vidole hadi skani ijulikane.

Na kitovu?

Kitovu kinalaumiwa kuliko kinavyostahili. Utasikia eti mama alipita chini ya kamba ya nguo au aliinua mikono akianika, ndio kitovu kikamzunguka mtoto shingoni. Mikono yako haijashikana na kitovu. Kinazunguka kwa sababu mtoto anaogelea na kamba ni ndefu, na wanaozaliwa nacho shingoni ni wengi, kama mmoja kwa kila wanne au watano, mkunga anakivusha juu ya kichwa na kazi inaendelea. Mtoto hapumui kwa shingo akiwa ndani, kwa hivyo kinachohesabika ni kama mishipa imebanwa, na ule uteute unasaidia sana isibanwe.

Kile cha kuogopa ni kitovu kutangulia. Maji yamevunjika, hasa kama mtoto hajashuka au amekaa vibaya, halafu unasikia kitu kinaning'inia ukeni au unaona kamba. Hapo kichwa cha mtoto kinakibana kitovu kila uchungu ukija, na tunahesabu dakika. Piga magoti, kifua chini sakafuni, makalio juu, ili mtoto arudi nyuma kidogo aachie kamba. Usiivute, usiirudishe, usiishikeshike, maana ikipoa au ikiguswa sana mishipa yake inajikaza. Safari ya hospitali ni kwenye kiti cha nyuma cha gari ukiwa katika huo mkao, au umelala ubavu na mto umeinua makalio. Bodaboda hapana, ukikaa wima umekalia kamba. Piga simu hospitali mkiwa njiani waandae tieta, mkifika ndio waanze kutafuta funguo mtakuwa mmechelewa.

Yule dada wa Ahero akishika mimba ya pili atakuwa na kinga kiasi dhidi ya ile protini inayonata, ila si ya kutosha kuacha SP. Anachotakiwa ni kufika kliniki kabla ya wiki ya 13 na kile kitabu cha kwanza mkononi, amwonyeshe nesi ule ukurasa wa kilo 2.4, SP ya kwanza apewe mara tu wiki 13 zikitimia, na skani ya kukua kwa mtoto ipangwe tangu mapema bila kungoja tepu iseme.